Na Wasichana wa Kipsigis

Kuna wimbo wa mwaka 1950 ambao nimeusikiliza mara nyingi kuliko nyimbo za harusi yangu. Maelezo yanayoambatana nao ni mafupi: Chemirocha III, Kapkatet, wilaya ya Kericho, Kenya. Mwimbaji: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Mrekodi: Hugh Tracey.

Wimbo wenyewe ni mfupi, sauti nyembamba za wasichana juu ya chombo cha nyuzi kinachoitwa chepkong, ndugu wa nyatiti na litungu. Wanamwimba kiumbe mmoja, nusu mtu nusu swala, wanamwita aje acheze nao, acheze mpaka suruali imvuke. Kiumbe huyo ni Mmarekani. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, zilifika Kericho pamoja na gramafoni za wageni, na jina lake likageuka mdomoni mwa watu likawa Chemirocha. Yule mtu anayeimba bila kuonekana wakamtengenezea mwili wao wenyewe.

Watu wengi wakisikia kisa hiki hucheka, na kweli kinachekesha. Mimi jicho langu huishia kwenye yale maneno manne ya mwisho: na wasichana wa Kipsigis. Walikuwa wangapi? Nani alianzisha, nani aliitikia? Wameolewa wapi? Nimefanya kazi ya kujaza kadi za namna hii, na najua maneno kama hayo huandikwa jua likiwa limeshazama, watu wanataka kwenda kupika, na wewe bado una nyimbo nyingine tatu za kurekodi.

Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima shamba na kaka yake, akanasa kwenye nyimbo za watu aliofanya nao kazi shambani. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kurekodi, kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, Tanganyika, Kongo na kwingineko. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini hifadhi ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake mkubwa una santuri 210. Bila yeye, nyimbo nyingi za bibi na babu zetu zisingekuwepo popote, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alijali pia kuandika: lugha, mahali, chombo, hata jinsi nyuzi zilivyofungwa sauti. Ukisoma maelezo yake unaona mtu makini.

Ndiyo maana lile pengo la majina linanisumbua. Mtu anayepima sauti ya kila waya wa chombo si mvivu. Kwake waya ulikuwa taarifa ya kitaalamu, na jina la msichana wa tatu kutoka kushoto halikuwa.

Nilianza kazi hii kama msaidizi wa mtafiti, mkoa wa Lindi. Mtafiti alikuwa mama mmoja wa kizungu, mpole, aliyejua Kiswahili cha kutosha kununua samaki lakini si cha kutosha kuelewa mafumbo ya wimbo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, kushika maikrofoni, na kusoma ile karatasi ya ridhaa kwa sauti.

Nieleze ridhaa hupatikanaje, maana ukisoma kwenye vitabu unaweza kudhani ni mazungumzo ya watu wawili. Mtafiti wa nje anaanza na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, Dar es Salaam. Anakipeleka mkoani, anapewa barua ya wilaya. Wilaya inaandika barua ya kata. Mtendaji wa kata anampigia simu mtendaji wa kijiji. Mpaka tunafika uwanjani, barua ina mihuri minne na kijiji kimeshaambiwa kuwa kuna wageni wa serikali wanataka ngoma. Kisha mimi nasimama mbele ya akina mama walioitwa na mtendaji wao, nasoma kwamba kushiriki ni hiari, na kwamba mtu anaweza kukataa bila kupata madhara yoyote.

Walinitazama kama mtu anayesoma tangazo la redio la nchi nyingine.

Tracey naye alisafiri hivyo hivyo. Katika safari zake za enzi za ukoloni, wapigaji walikusanywa mara nyingi kwa msaada wa maofisa wa wilaya na machifu. Siwezi kusema wasichana wa Kapkatet walilazimishwa. Ukisikiliza wanavyoimba, mtu aliyelazimishwa haimbi vile. Ila ridhaa iliyopitia kwa mkubwa ina kasoro yake: yule wa chini hajui kama "hapana" ni neno linaloruhusiwa. Na "ndiyo" yake ukiirekodi, huwezi kuisikia kasoro hiyo kwenye kanda.

Halafu kuna saini. Vijijini kwetu karatasi ya kusaini huja na mambo matatu: mkopo, ardhi na kesi. Bibi mmoja alishika kalamu yangu, akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa nauza nini?" Nilicheka wakati ule. Nilimwambia hauzi kitu, bibi, ni utaratibu tu. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na jibu langu lilikuwa la uongo.

Kisheria kulikuwa na kitu kinachohama pale. Mwaka 1950 sheria ya hakimiliki iliyotumika katika makoloni ya Uingereza ilikuwa ile ya mwaka 1911, na ilisema wazi kwamba mtunzi wa rekodi ya sauti ni mwenye ile sahani ya kwanza iliyorekodiwa. Si aliyeimba, wala si aliyefundisha wimbo. Mwenye sahani, kwa miaka 50. Sheria za leo zimeongeza haki za mwimbaji na mpigaji, lakini mfupa wa zamani bado upo: rekodi ina mwenyewe, na huyo kwa kawaida ni aliyegharamia kinasa sauti, mafuta ya gari na posho. Wimbo wa jadi, kwa kuwa hauna mtunzi anayejulikana, unahesabiwa kama maji ya mto. Mtu akichota na kutia kwenye chupa, chupa ni yake.

Kuna kisa cha mbali kinachoonyesha chupa hiyo inaweza kufika wapi. Kisiwani Malaita, katika Visiwa vya Solomon, mwanamke aitwaye Afunakwa alimwimbia mtaalamu Hugo Zemp wimbo wa kubembeleza mtoto, Rorogwela. Ni wimbo wa yatima: mkubwa anamnyamazisha mdogo wake anayelia, anamwambia wazazi waliokwenda kwa wafu bado wanawaangalia. Zemp aliutoa kwenye santuri ya mfululizo wa UNESCO. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, na jina la Afunakwa analijua mpaka leo kila anayeufuatilia wimbo huu.

Mwaka 1992 kundi la Kifaransa la Deep Forest likachukua sauti ile ile, likaipandishia ngoma za kompyuta, likauza albamu kwa mamilioni. Zemp ameandika kwamba alipopigiwa simu kuombwa ruhusa mara ya kwanza alikataa. Baadaye akapigiwa tena na mtu aliyemheshimu, akaelewa kwamba ni jambo la kuhifadhi misitu na wakazi wake, akalegeza. Angalia nani anaulizwa na nani anajibu: UNESCO, mtaalamu, kundi la muziki. Mwimbaji hayumo kwenye simu hata moja. Kisha mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, akautoa wimbo huo huo kwa jina la "Pygmy Lullaby", yaani bembelezo la Mbilikimo. Deep Forest lilisifika kwa sauti za misitu ya Afrika ya Kati, na jina la Malaita lilikuwa limeshadondoka njiani. Mwanamke wa Pasifiki akawa Mwafrika wa msituni, na watu wa misitu ya Kongo wakapewa yatima asiye wao.

Kisa hiki hutumika kuonyesha uroho wa biashara, na uroho upo. Mimi nakisoma kama kisa cha kadi. Kila sauti ilipohamia chombo kipya, kutoka kanda kwenda santuri, santuri kwenda diski, diski kwenda kompyuta ya studio, maelezo yalipungua. Sauti inanakiliwa nzima, kadi inanakiliwa nusu. Ruhusa ya Afunakwa ilikuwa ruhusa ya kuimba mbele ya mtu aliyemjua, siku ile. Haikuwa na miguu ya kuifuata sauti yake mpaka Oslo.

Mwenzangu mmoja akinisikia hapa huniuliza: je, wale wasichana wa Kipsigis walimwomba ruhusa Jimmie Rodgers? Na huyo Rodgers, inasimuliwa alijifunza mengi kwa vibarua weusi wa reli, je, nao aliwaomba? Ni hoja nzuri ya kijiweni. Jibu langu ni kwamba wasichana walichukua jina na uvumi, wakatunga wimbo mpya kabisa. Hawakuchukua koo lake. Kuiga, kujibu, kutania, hivyo ndivyo ngoma zinavyozaana tangu enzi, na sitaki sheria iingie huko. Rekodi ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake yumo mtu mwenyewe, pumzi na kikohozi chake.

Sasa nirudi Lindi, kwenye kosa langu.

Siku ya tatu ya kurekodi tulikuwa uani kwa kungwi, mbali na wanaume. Mimi niliruhusiwa kwa sababu mbili: ni mwanamke, na nimechezwa unyago kwetu, kwa hiyo sikuwa mtoto. Mtafiti aliruhusiwa kwa sababu ya mihuri minne. Akina mama waliimba nyimbo nyingi, zile za nje ambazo hata watoto wanazijua, na mwishoni, wakiwa wameshachangamka, wakaimba moja ya ndani. Sitasema inahusu nini. Walipomaliza, kungwi akanigeukia, hakumgeukia mzungu, akasema, "Huu wa mwisho, mjukuu wangu, usitoke nje."

Nikasema, "Hautatoka, bibi."

Usiku nilijaza jedwali. Lilikuwa na safu ya jina la wimbo, lugha, mahali, tarehe, aina ya ngoma, vyombo, waimbaji, na safu ya ridhaa ambayo ilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Akina mama wote walikuwa wameweka dole gumba asubuhi. Nikaandika ndiyo kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Maneno ya kungwi niliyaweka kichwani, kwa sababu kwenye jedwali hayakuwa na pa kukaa. Nilidhani nitamwambia mtafiti, na nadhani nilimwambia, ndani ya gari, kwenye barabara ya vumbi, vioo vikiwa wazi.

Miaka miwili baadaye mtafiti alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alirudisha. Alinituma na flashi mbili zenye nyimbo zote, barua ya shukrani, na picha zilizosafishwa. Nikakabidhi flashi moja kwa mtendaji wa kijiji kwenye mkutano, watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Ya pili nikampa kiongozi wa kikundi. Nikarudi mjini nikijiona nimemaliza deni.

Kiongozi wa kikundi hakuwa na kompyuta. Kwenye kituo cha basi kuna kijana mwenye kibanda, anachaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mama yule akampelekea flashi amwekee nyimbo kwenye simu yake ya kitochi. Kijana hakuiba. Alifanya anachofanya kila siku: alinakili flashi nzima kwenye kompyuta yake, kisha akamwekea mteja. Ndani ya wiki chache wimbo wa ndani ulikuwa kwenye simu za madereva wa bodaboda, ukipigwa kwa spika kijiweni, wanaume wakicheka kwenye sehemu zisizo za kucheka.

Mtu aliyenipigia simu hakugombana nami. Alisema tu, "Bibi anakuita."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye mkeka mbele ya akina mama wale wale, nikasema shikamoo, ikaitikiwa kwa sauti ya chini. Nilitozwa faini kama anavyotozwa mtu yeyote aliyetoa siri ya unyago: doti za kanga, mchele na pesa kidogo. Nililipa. Lakini lililoniuma ni alichosema mmoja wao, mtu wa umri wa mama yangu. Alisema kwamba mzungu hawamlaumu, kwa sababu hakuambiwa yeye. Aliyeambiwa nilikuwa mimi.

Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu. Vitabu vya maadili ya utafiti vinazungumza na mtafiti mkuu: fanya hivi, epuka vile. Lakini uwanjani anayeaminiwa ni msaidizi, yule wa lugha moja, yule anayeitwa mjukuu. Ridhaa halisi hutolewa kwake, kando, kwa nusu sentensi, wakati karatasi imeshasainiwa na mashine imeshazimwa. Na jina la msaidizi ndilo la kwanza kudondoka kwenye kadi. Katika rekodi nyingi za zamani humkuti kabisa mkalimani, wakati yeye ndiye angeweza kutuambia kilichokubaliwa.

Tulifanya nini baadaye? Tulichoweza. Nilimwandikia mtafiti, naye akaiandikia hifadhi ya sauti ya chuo chake. Wimbo haukufutwa. Kungwi mwenyewe alikataa ufutwe, akasema wasichana wa mjini wameanza kuusahau. Ulifungwa: jina linaonekana kwenye orodha, sauti haifunguki mpaka kikundi kiulizwe. Nakala nyingine iliwekwa kwenye memori kadi moja ndogo, ikashonewa kwenye kona ya kanga ya kungwi kama pesa ya akiba. Kijana wa kibanda alifuta yake mbele yetu, akiwa amekasirika kidogo, maana hakuona kosa lake, na kwa kweli halikuwa lake. Simu za bodaboda hatukuzigusa. Kilichosambaa hakirudi, na ukimfuata mtu mmoja mmoja unautangaza zaidi.

Huwa nafikiria mkasa huu ninaposoma kuhusu kurudishwa kwa Chemirocha. Mwaka 2014 ILAM, wakati huo ikiongozwa na Diane Thram, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, taasisi ya Tabu Osusa, kuzirudisha Kenya rekodi za Tracey. Hawakuishia kukabidhi diski kwenye ofisi. Walikwenda vijijini na nakala, wakawapigia wazee, wakauliza: huyu ni nani? Walipatikana watu waliorekodiwa enzi zile, wakiwa wazee sana, na familia za waliokwisha kufa. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita.

Njia yao ilikuwa kadi ile ile. Palipo na jina la mwanamume, mwenye "arap" na jina la baba, mzee yeyote wa eneo anaweza kukuelekeza ukoo na boma. Palipoandikwa "na wasichana wa Kipsigis", unabaki na sauti tu. Msichana wa mwaka 1950 ameolewa, pengine amebatizwa jina jingine, anaitwa kwa mwanawe, amehamia bonde la pili. Njia pekee ni kumpigia wimbo kila bibi wa umri ule na kumtazama usoni. Ndiyo maana nasema pengo kwenye kadi si uzembe wa karani. Mtu asiye na jina hana pa kupelekewa pesa, hawezi kuulizwa kama wimbo utumike kwenye tangazo, na mjukuu wake hawezi kudai chochote.

Kenya sasa ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi, na kiini chake ni kwamba anayetaka kutumia kitu cha jamii apate kwanza ridhaa ya jamii hiyo, ikiwa imeelezwa vizuri. Naipenda kwenye karatasi. Ila ichukue ukajaribu nayo Chemirocha. Jamii ni nani? Kapkatet ipo kaunti ya Kericho, lakini Wakipsigis wapo pia Bomet, na wengine Narok na Nakuru. Asaini gavana? Baraza la wazee, ambalo ni la wanaume, kwa wimbo wa wasichana? Lindi mimi nilishakuwa na jibu la serikali ya kijiji, lenye muhuri, na halikuwa na thamani yoyote uani kwa kungwi. Jamii ina vyumba, na kila chumba kina mwenye ufunguo wake. Sheria inajua mlango wa nje tu.

Kwa hiyo ninavyofanya kazi siku hizi kumebadilika, si kwa makubwa. Karatasi ya dole gumba bado ninayo kwa sababu chuo kinaidai, lakini ninaitoa mwisho, si mwanzo. Kwanza tunarekodi. Kisha, palepale, kabla watu hawajatawanyika, nawapigia walichokiimba kwa spika ndogo, wimbo mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo mtu hujua alichokubali. Asubuhi anakubali neno "kurekodiwa", ambalo halina umbo. Jioni anajisikia mwenyewe. Kuna anayesema hii futeni, nimekosea. Kuna anayesema hii ya mazishi isipigwe redioni, marehemu ana watoto. Kila wimbo unapata jibu lake, na jibu linarekodiwa kwa sauti ya mwenyewe, kwenye faili lile lile la wimbo, ili anayenakili sauti anakili na sharti. Si kinga kamili, mtu anaweza kulikata. Lakini akilikata amejua anachokikata.

Majina naandika yote, hata ya waitikiaji, kwa namna kila mmoja anavyotaka kuitwa. Wengine wanataka jina la ngoma, wengine la mtoto, wengine hawataki kuandikwa kabisa, na huyo namwandika kwa alama ninayoijua mimi na kiongozi wao. Namba ya simu haitoshi, laini hufa kila baada ya muda. Naandika mtaa, jina la baba, na mtu mmoja wa chini yake kwa umri.

Kurudisha nako nauliza kabla ya kuondoka: zirudi kwa nani, na kwa chombo gani? Jibu haliwi mtendaji. Kikundi kimoja kilitaka nyimbo za nje ziende shuleni na kwenye redio ya wilaya, wapate kujulikana na kualikwa. Kingine kilitaka zipelekwe kwa WhatsApp kwa mtu mmoja aliye Dar es Salaam, mtoto wao, atakayejua cha kufanya. Wakati mwingine hawataki sauti kabisa, wanataka ngozi mpya za ngoma, maana za zamani zimepasuka siku ile ile tuliyorekodi. Mfadhili hakuweka ngozi kwenye bajeti. Aliweka "urejeshaji wa data".

Kwenye jedwali langu nimeongeza safu mbili. Moja inaitwa "Sharti", haina ndiyo wala hapana, ni nafasi tupu ya kuandika maneno ya mtu kama alivyoyasema. Nyingine inaitwa "Aulizwe nani baadaye".

Mwaka jana nilirudi kwa kungwi kujaza safu hizo kwa zile nyimbo za mwanzo, zote, moja moja. Sasa haoni vizuri. Nilimsomea majina ya waliokuwa uani siku ile, akanisahihisha mawili, akanitajia mmoja niliyemsahau kabisa, aliyekaa nyuma akipiga makofi tu. Tulipofika wimbo wa mwisho nikamuuliza sharti lake bado ni lile lile. Akasema ni lile lile. Nikamuuliza, na baada yako aulizwe nani?

Alifikiri, akamtaja kitukuu wake. Nikauliza umri, maana safu inataka umri. Yuko darasa la tatu, akasema. Nikamwambia bibi, huyu hata unyago bado.

"Ndiyo," akasema. "Andika. Si uliniambia karatasi inakaa miaka mingi?"